Barua ya Kukabidhi Amana ya Akina Mama Msikitini

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya akina mama katika msikiti wa mtaa wetu, Majengo ya Pumwani, na kazi hiyo ilinifanya nishike fedha za maziko, zaka, michango ya madrasa na funguo za milango yote ya upande wa wanawake. Muhula wangu wa pili ulipokwisha, katiba ya kamati ilikuwa hairuhusu wa tatu, na wakati huohuo mama yangu mzazi alihitaji mtu wa kukaa naye usiku na mchana. Niliandika barua ya kuaga, nikakabidhi. Dada kadhaa wa misikiti mingine ya Nairobi wameniomba nakala ya barua ile, nami naona kwamba nakala bila maelezo ya jinsi ilivyotayarishwa haitawafaa sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kabla ya kuandika nilimwendea Sheikh wetu kumwomba nasaha, naye akanirejesha kwenye aya mbili za Sura An-Nisaa. Ya kwanza ni aya ya 58, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Wafasiri wengi huihusisha na ufunguo wa Al-Kaaba katika mwaka wa 8 Hijria, siku Makka ilipofunguliwa, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipouchukua ufunguo kutoka kwa Uthman bin Talha, na baadaye akamrudishia yeye mwenyewe ingawa watu wa karibu na Mtume waliutaka. Ukoo wake, Bani Shayba, ndio wanaoushika ufunguo huo mpaka leo. Ya pili ni aya ya 6, inayohusu mali ya mayatima: msimamizi anapowakabidhi mali yao, na aweke mashahidi. Sheikh aliniambia, "Mama, mashahidi hawawekwi kwa sababu mtu anashukiwa. Wanawekwa ili asipate kushukiwa, na ili anayepokea naye alindwe." Maneno hayo yaliniondolea uzito niliokuwa nao, maana nilihofia kwamba kudai saini na mashahidi kungeonekana kama kutowaamini wanaonirithi.

Jambo la kwanza nililolifanya halikuwa la fedha za kamati hata kidogo. Kila mweka hazina anayeaminika huishia kuwekewa vitu na watu kwa siri: mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba alikuwa akiniwekea akiba yake ya safari ya umra, na mwingine alikuwa ameniachia bangili zake za dhahabu wakati nyumba yake inakarabatiwa. Vitu hivi si mali ya msikiti, na haifai kuviingiza katika makabidhiano, kwa kuwa mwenyewe alimwamini mtu fulani na hakumwamini mwenye cheo, na aliyewekewa hana ruhusa ya kumpa mwingine bila idhini yake. Nilimrudishia kila mmoja chake mkononi, mbele ya shahidi aliyemchagua yeye. Mama wa Gikomba aliniomba nimpelekee mrithi wangu akiba ile, nikamwambia amwendee yeye mwenyewe wakajuane kwanza.

Baada ya hapo ndipo nilipozikabili hesabu, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu hapa ndipo barua nyingi nzuri huharibika. Desturi niliyoikuta ni kwamba anayeondoka huandika kiasi kilicho benki, anashukuru, na anaondoka. Siku niliyofunga vitabu, taarifa ya benki ilionyesha shilingi 412,600. Lau ningeiandika hiyo, ningekuwa nimesema kweli, na bado ningewaachia wenzangu kitendawili ambacho kingezaa maneno.

Sababu ni hii. Nilikuwa nimekwisha kutoa hundi mbili ambazo zilikuwa hazijafika benki, moja ya shilingi 18,000 kwa fundi wa mabomba na nyingine ya shilingi 24,500 kwa duka linalotuuzia vitambaa vya sanda. Hundi hizo zimeshatoka katika vitabu vyetu lakini benki haina habari nazo mpaka wenyewe wazipeleke. Mwenye kushika nafasi yangu akisoma 412,600 ataamini kwamba fedha zote hizo ni zake kutumia, na wiki mbili baadaye ataona shilingi 42,500 zimetoka katika akaunti kwa saini ya mtu aliyekwisha kuondoka. Si lazima mtu awe na nia mbaya ili aanze kuuliza pembeni. Nilizitoa hundi hizo, zikabaki shilingi 370,100. Kisha nikaongeza shilingi 36,400 zilizokuwa katika Paybill yetu ya M-Pesa, ambazo zilikuwa hazijahamishwa kwenda benki na kwa hiyo hazikuonekana katika taarifa yake, na shilingi 8,500 taslimu za kasha la matumizi madogo. Jumla ikawa shilingi 415,000, sawasawa na leja. Fundi wa mabomba nilimpigia simu nikamwomba aipeleke hundi yake, kwa kuwa hundi ikipita miezi sita benki haiipokei, na angelazimika kuomba nyingine kwa watu wasiojua habari za kazi yake.

Lakini hata 415,000 peke yake haisemi kitu, kwa sababu fedha za msikiti zina wenyewe, na wenyewe ni nia za waliozitoa. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na ukarabati wa vyoo haumo. Aliyechangia mfuko wa maziko alikusudia sanda, gari na kaburi la Kariokor kwa maiti asiye na jamaa mwenye uwezo. Nilirudi katika daftari la mapato, risiti kwa risiti, nikaigawa jumla ile kwa mifuko: maziko 168,000, ukarabati wa mahali pa kutawadhia 121,000, zaka 72,000, madrasa 31,000, na sadaka ya jumla, ambayo kamati inaweza kuielekeza inakoona haja, 23,000. Mgawo huu ndio nilioona kuwa moyo wa barua yote. Kamati mpya inayoambiwa kwamba ina shilingi laki nne na elfu kumi na tano inaweza kupanga kununua zulia na spika wiki ijayo; kamati inayoambiwa kwamba ina shilingi elfu ishirini na tatu za kupanga, na kwamba nyingine zote tayari zina pa kwenda, itafanya shura ya namna nyingine kabisa.

Kuhusu zaka kulikuwa na jambo jingine. Kamati ilikuwa imekwisha kuidhinisha familia za kupewa, na majina yao nilikuwa nayo. Barua ya kuaga husomwa mbele ya watu baada ya swala, na nakala zake hupigwa picha zikasambaa katika makundi ya simu kabla ya jioni. Haiwezekani jina la mjane anayesaidiwa kodi ya nyumba liwe humo. Orodha ile niliitia katika bahasha iliyofungwa na kutiwa saini juu ya mdomo wake, nikampa mrithi wangu mbele ya Sheikh, na katika barua nikataja bahasha tu.

Kisha nilijiuliza niache nini. Mwaka uliotangulia palitokea tofauti kati yangu na baadhi ya wenzangu waliotaka zaka isaidie ujenzi kwa muda, ikarudishwe baadaye. Nilikataa, tukasemezana kwa ukali, na donda hilo halikuwa limepona sawasawa. Kalamu ilinivuta niliandike, hata kwa kifumbo. Nililizuia, si kwa kuficha, maana nilikwenda kwa Bi Mwenyekiti nyumbani kwake kabla ya barua, tukaongea mpaka Isha, tukaombana radhi. Mambo ya namna hiyo yana mahali pake, nako ni uso kwa uso. Barua ya makabidhiano itahifadhiwa katika faili na kusomwa na watu ambao hawakuwapo, nao hawatakuwa na mtu wa kumwuliza upande wa pili. Kanuni niliyotaka ihifadhiwe, kwamba zaka haichanganywi, niliiandika kama maelezo ya mfuko, bila kumtaja mtu.

Hii ndiyo barua yenyewe, nikiwa nimeondoa majina na nambari.

"Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Akina Mama. Nakala kwa Imamu na kwa Wadhamini wa Msikiti.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu, ninaiarifu kamati kwamba naacha nafasi ya mweka hazina kuanzia siku ya mwisho ya mwezi huu, kwa kuwa muhula wangu wa pili umetimia na kwa kuwa mama yangu ana haki juu yangu ambayo siwezi kuitimiza nikiwa na kazi hii. Ninamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniwezesha, nanyi mlioniamini. Ninawakumbuka kwa namna ya pekee dada zetu wanaoosha maiti, ambao huja saa yoyote wanapoitwa, na ambao stakabadhi zao za matumizi zilinifikia zimetimia kila mara.

Siku ya kufunga hesabu, fedha zote zilizo chini ya kamati ni shilingi 415,000, kwa mgawo wa mifuko ulioambatishwa. Taarifa ya benki itaonyesha kiasi tofauti kwa sababu hundi mbili hazijawasilishwa na fedha za Paybill hazijahamishwa. Karatasi ya upatanisho imeambatishwa pia. Fedha za zaka zimetengwa kwa ajili ya wanaostahiki peke yao, na orodha iliyokwisha kuidhinishwa imo katika bahasha iliyofungwa. Kamati haidaiwi na mtu mwingine yeyote isipokuwa wenye hundi hizo mbili, na haimdai mtu.

Funguo, vifaa vya maziko, leja, vitabu vya risiti na vitabu vya hundi nitavikabidhi kwa kuhesabu mbele ya mashahidi wawili ambao kamati itawateua. Baada ya siku hiyo sitabaki na ufunguo wowote wa msikiti. Mpaka benki itakapothibitisha watia saini wapya, sitatia saini malipo yoyote ila kwa ombi la maandishi la kamati mpya. Nitapatikana kwa maswali kwa muda wa miezi mitatu, na maswali yaje kwangu kupitia mweka hazina mpya ili majibu yote yawe mahali pamoja.

Kama nimemkosea yeyote katika kauli au katika kuchelewesha haki yake, naomba radhi, na kama kuna mwenye dai nami, aje kabla ya siku ya makabidhiano ili niondoke nikiwa nimelipa. Mwenyezi Mungu awape wanaokuja wepesi na baraka. Wabillahi tawfiq."

Wengine waliniuliza kwa nini niliandika kwamba kamati haidaiwi na haidai. Sentensi hiyo ni fupi, lakini ndiyo inayomwezesha mrithi kumjibu mtu atakayekuja mwezi wa tatu akisema kwamba mweka hazina wa zamani alimwahidi malipo. Pia ndiyo iliyonifanya nizunguke dukani, kwa mwenye gari la maiti na kwa walimu wa madrasa kuuliza kama kuna kilichobaki, kwa maana sikuweza kuiandika bila kuuliza.

Siku ya makabidhiano tulikaa katika chumba cha madrasa baada ya Alasiri, mimi, mrithi wangu, Bi Mwenyekiti na mashahidi wawili. Tulianza na vifaa vya maziko, kwa sababu hivyo ndivyo huhitajika bila taarifa. Sanda ya mwanamke tunaiweka kwa vipande vitano, kwa hiyo hatukuhesabu vitambaa bali tulifungua kila furushi kuhakikisha limetimia, pamoja na pamba, kafuri, ubani na mipira ya mikono. Mrithi wangu, ambaye ni msichana makini anayefanya kazi ya uhasibu mjini, aliniuliza furushi moja lililokuwa na vipande vinne linaandikwaje. Nilimwambia aliandike kama lilivyo, vipande vinne, na kitambaa cha kukamilisha kiko katika oda ya hundi ile ya shilingi 24,500. Aliandika yote mawili.

Funguo zilichukua muda zaidi kuliko nilivyotarajia. Kila ufunguo nilikuwa nimeufunga kibandiko chenye nambari na jina la mlango, na katika hati ya makabidhiano tuliandika mambo matatu kwa kila mlango: ni kufuli au kitasa gani, kuna nakala ngapi, na nani anazo. Swali la nakala ndilo gumu. Mafundi wa funguo wako kila kona ya mji huu na kuchonga nakala ni kazi ya dakika chache, hivyo ufunguo unaorudishwa hauthibitishi kwamba mlango umefungwa kwa wengine. Kwa mlango wa wanawake na chumba cha madrasa tuliweza kuzitaja nakala zote na wanaozishika. Kwa stoo hatukuweza, kwa sababu wakati wa ukarabati mafundi kadhaa waliwahi kupewa ufunguo, na hakuna aliyekumbuka kwa hakika kama ulirudi uleule tu. Tuliamua kitasa cha stoo kibadilishwe, gharama itoke katika sadaka ya jumla, na ikaandikwa kwamba uamuzi ni wa kamati na si shaka juu ya mtu. Fundi alikuja siku iliyofuata.

Kasha la sadaka lina kufuli mbili, na funguo zake mbili hushikwa na watu wawili ili lisifunguliwe na mmoja. Hapo Bi Mwenyekiti, kwa kutaka kurahisisha, alisema nimpe mrithi wangu ufunguo wangu pamoja na ule wa katibu aliyekuwa safarini Mombasa. Niliomba radhi nikakataa. Niliutoa wangu tu, na ule wa pili ukasubiri katibu arudi autoe kwa mkono wake kwa mtu mwingine. Makabidhiano ni wakati ambao vitu vyote hukusanyika mezani mara moja, na ni rahisi sana ulinzi uliowekwa kwa hekima ukavunjika kwa sababu ya haraka ya jioni moja.

Benki na Paybill ni funguo pia, ingawa hazishikiki. Benki ilitaka kumbukumbu za kikao kilichowachagua viongozi wapya, zikiwa zimetiwa saini, barua ya kubadilisha watia saini, nakala za vitambulisho na PIN za KRA, picha, na sampuli za saini. Shughuli hiyo haiishi siku moja, na katikati kuna kipindi ambacho aliyejiuzulu bado anatambuliwa na benki na aliyechaguliwa hatambuliwi. Ndiyo maana barua yangu ilikitaja kipindi hicho waziwazi. Katika siku zile tulifiwa na bibi mmoja asiye na jamaa, na malipo ya gari na uchimbaji wa kaburi yalihitajika asubuhi hiyohiyo. Kamati iliniandikia ombi la mistari mitatu, nikatia saini pamoja na Bi Mwenyekiti, na ombi likabanwa kwenye vocha ya malipo. Asiyekuwapo ataona kwa nini saini yangu imo baada ya tarehe ya kuondoka.

Paybill niliishughulikia kwa namna tofauti na walivyozoea wengi, ambao humpa mrithi jina la kuingilia na nywila, au humpa laini ya simu yenyewe. Laini ile imesajiliwa kwa kitambulisho changu; kitakachofanyika kwayo kitanitafuta mimi, na aliyeipokea hatakuwa na haki ya kuitengeneza ikipotea. Tulipeleka barua ya kamati kwa kampuni ya simu, mrithi wangu akasajiliwa kama msimamizi kwa laini mpya na nywila yake, na mimi nikaondolewa. Nilisubiri mpaka alipoingia mwenyewe na kuona salio, kisha mbele yake nikajaribu kuingia kwa nywila yangu, nikakataliwa. Tuliandika hilo pia katika hati. Katika kundi la simu la akina mama nilijiondoa kwenye usimamizi, nikabaki mwanachama.

Lililobaki ni watu waliozoea kunitumia mimi. Bado hutokea mtu, hasa siku za Ijumaa, akatuma sadaka kwenye nambari yangu ya simu kwa mazoea, bila kuuliza. Sizirudishi kwa aliyetuma, kwa sababu nia yake ilikuwa ya msikiti, na kurudisha kunaweza kumvunja moyo. Wala siziweki mpaka ziwe nyingi. Nampigia kwanza kumwuliza ni ya mfuko gani, nazituma siku hiyohiyo kwenye Paybill nikiandika jina lake na mfuko mahali pa nambari ya akaunti, kisha namtumia yeye na mweka hazina mpya ujumbe wa uthibitisho, pamoja na nambari sahihi ya kutumia mara nyingine. Mama wa Gikomba ndiye aliyekawia zaidi kuizoea. Sasa anatuma moja kwa moja, na akiba yake ya umra iko kwa mrithi wangu, baada ya wao wawili kukaa wakazungumza.